Elfu 42 za mchana, elfu 19 za kweli: hesabu ya bodaboda mjini Unguja

"Mpwa wangu kamaliza skuli hana kazi, kapata mtu anataka kumpa pikipiki ya mkataba afanye bodaboda na oda za apu hapa mjini. Wenziwe wanamwambia kwa siku anarudi na elfu 40. Nimwache au nimkataze?"

Hiyo elfu 40 si uongo ndugu yangu, nnaijua maana mie mwenyewe nimeiendesha kazi hii mwaka na kitu na kijana wa jirani yangu Fuoni anaendelea nayo mpaka leo. Tatizo ni kwamba hiyo ni pesa iliyopita mkononi, si pesa uliyoipata, na baina ya hizo mbili ndimo vijana wengi wanamopotelea. Sasa nnakuwekea siku moja ya huyu jirani, siku nzuri tu ya kawaida, si ya sikukuu si ya mvua. Pikipiki ni yake mwenyewe, ya cc 125.

Katoka saa 1 asubuhi karudi saa 2 usiku. Safari 14, 9 za apu na 5 za abiria wa barabarani waliompungia mkono Mwanakwerekwe na Darajani. Jumla 42,000. Zile za apu zilikuwa 27,000 na apu yake inakata asilimia 20, kwa hiyo 5,400 imekwenda kabla hajaishika. Zimebaki 36,600. Petroli, tuiweke lita kwa 3,000 ili hesabu iwe nyepesi (bei yenyewe wasimamizi wa nishati, ZURA, wanatangaza kila mwezi, we badilisha tu), kachoma lita 3 na kidogo, 9,400. Bando la simu 1,000. Hapo mkononi anabaki na 26,200 na hapa ndipo kila mtu anaposimama kuhesabu, anasema leo nimeingiza elfu 26, Alhamdulillahi, anakwenda kununua samaki.

Lakini angalia zile kilomita. Safari 14 za wastani wa kilomita 5 ni 70. Mita ya pikipiki siku ile ilisoma 125. Zile 55 nyengine ni za nani? Ni za kumfata abiria Amani wakati we uko Kiembesamaki, za kurudi tupu kutoka Bububu, za kuzunguka Michenzani ukitafuta mtu. Hazilipwi hizo, ila petroli zinakunywa na tairi zinakula sawasawa na zile zenye abiria. Ukimuuliza bodaboda yoyote jana umetia mafuta ya bei gani atakujibu hapo hapo, muulize umekwenda kilomita ngapi tupu, atakutizama.

Halafu pikipiki inakudai kimya kimya. Oili lita moja kama elfu 15, kwa mwendo huu inamwagwa kila baada ya wiki mbili hivi. Tairi la nyuma, cheni na sproketi zake, breki, plagi, beringi, pancha za barabara za ndani ndani huko, ukivigawa vyote kwa siku inakuja kama 3,000. Injini nayo, kilomita 125 kwa siku ni zaidi ya elfu 37 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka au na kidogo fundi ataifungua, pistoni, ringi, klachi, tuseme laki 3, hiyo ni 1,000 kwa siku. Bima na vibali weka 400. Na la mwisho ambalo hakuna anaelihesabu kabisa: kainunua milioni 3, baada ya miaka mitatu akibahatika ataiuza milioni 1 na laki 2, ile milioni 1 na laki 8 imeyayuka barabarani, 2,000 kwa kila siku ya kazi. Na hapa kwetu chumvi ya bahari inaisaidia kuyayuka, fremu na spoku zinaliwa na kutu mbele ya macho yako.

Jumla ya hayo 6,400. Toa kwenye 26,200, anabaki na 19,800. Hajala hata chai hapo, ila chakula mie sikitii maana hata angekaa nyumbani angekula. Kwa hiyo katika 42,000, ya kwake ni chini ya nusu, na ukigawa kwa saa 11 za kazi (kapumzika mbili, sala na kujinyoosha) ni 1,800 kwa saa. Na mwili wake hatujauhesabu.

Sasa wanaosema kazi hii haina maana pia siwaungi mkono, maana 19,800 kwa siku 26 ni laki 5 na kitu, na kijana alietoka skuli bila ya cheti cha chuo wapi atapewa hiyo? Ataambiwa asubiri. Mahotelini kuna kazi, nakubali, na kule mwajiri akiwa mkweli anakuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, ZSSF, na ukiumwa una pa kusema, lakini msimu ukiisha watu wanapunguzwa, na kutoka mjini mpaka Paje ni kilomita kama 50 kila siku au ukae huko huko. Bodaboda anaamka kwao, mamake akiumwa anampeleka hospitali mwenyewe, hamuombi mtu ruhusa. Uhuru huo una bei yake na mtu ana haki ya kuulipia, mradi ajue analipa.

Apu nazo, watu wanazitukana sana kwa kukata kamisheni. Bara waligombana juu ya jambo hili waziwazi, mwaka 2022 LATRA, wasimamizi wa usafiri wa huko, waliweka kamisheni isizidi asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma, baadae kiwango kikapandishwa mpaka 25 wakarudi. LATRA hawavuki bahari lakini somo limevuka. Mie naona swali la asilimia ngapi ni nusu ya swali tu. Chukua gharama zote za huyu jirani zinazokwenda na mwendo, petroli, spea, injini, kuchakaa, zigawe kwa kilomita 125, kila kilomita inamgharimu kama shilingi 123, iwe na abiria iwe tupu. Sasa safari ya 3,000 apu inakata 600. Shilingi 600 ni kilomita 5 tupu. Ikiwa apu imekupa abiria mita mia tatu kutoka kijiweni, na bila yake ungezunguka kilomita 6 kumtafuta, basi imekufaidisha na kamisheni yake ilipe kwa roho safi. Usiku hasa ndo hivyo, barabarani hamna mtu lakini simu inalia.

Lakini kuna oda za aina nyengine. Imelia 2,000, abiria yuko kilomita 3 kutoka ulipo, unampeleka kilomita 4, unarudi tupu 3. Kilomita 10, yaani 1,230. Apu imekata 400. Umebaki na 370, kwa dakika 40 za maisha yako. Na vijana wanazipokea hizi kwa sababu wanaogopa wakikataa sana apu itawabania, na kwa sababu ile 2,000 wanaiona na ile 1,230 hawaioni.

Oda za chakula zinapendwa kwa kuwa boksi haliongei na halina uzito, tairi na klachi zinapumua kweli. Ila Mji Mkongwe umewashinda wengi. Lokesheni inakuleta kwenye paa la nyumba ya jirani, uchochoroni pikipiki haipiti, unaiacha barazani unakwenda kwa miguu huku unauliza watu, mteja hapokei simu. Kabla ya hapo umesubiri mkahawani dakika 20 chakula hakijaiva na dakika hizo halipi mtu. Ramadhani ndo balaa, mchana hamna oda, halafu baada ya Alasiri zote zinakuja kwa pamoja na kila mmoja anataka futari ifike kabla ya adhana.

Haya, tuje kwa mpwa wako, maana yeye hana yake, ni ya mkataba. Mikataba mingi niliyoiona ni kumpelekea mwenye pikipiki hesabu ya 10,000 kwa siku, miezi 14, halafu pikipiki yako. Siku 26 kwa mwezi ni siku 364, yaani milioni 3 na laki 6 na kitu kwa pikipiki ya milioni 3. Hiyo laki 6 ya juu si dhulma kwa maoni yangu, mtu kakuamini mali yake bila rehani. Penye shida ni kwamba hesabu haijui mvua. Siku nzuri ile ile ya 42,000, anatoa hesabu anabaki na 16,200, akiweka 4,000 za spea na injini ni 12,200, anaishi. Siku ya masika, mwezi wa nne, kaingiza 28,000, lakini kilomita tupu hazipungui kwa kiasi hicho kwa sababu anazunguka zaidi kutafuta. Toa kamisheni, petroli na bando anabaki na kama 15,500, toa hesabu, 5,500, ukitoa na haki ya spea na injini, 3,400 kwa kuwa kilomita zimepungua kidogo, ni 2,100. Kwa kutwa nzima kwenye mvua. Na siku hizo ndipo anapoacha kumwaga oili, anasema wiki ijayo, na oili ikishakuwa nyeusi nyembamba injini inaanza kugonga, moshi unatoka nyuma, na mwezi wa kumi na moja wa mkataba anakabidhiwa injini iliyokufa ikiwa kalipia miezi kumi. Nimewaona watatu hivyo, mmoja aliirudisha kwa mwenyewe akaondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo usimkataze na usimwachie tu. Nenda nae kwa huyo mtu, muulize matatu mbele ya shahidi na yaandikwe: injini ikifa ndani ya mkataba nani anaifungua, bima ni ya nani, na masika hesabu inashuka au siku zinasogezwa mbele. Jirani yangu, zamani alipokuwa na ya mkataba, mwenye pikipiki alikubali 7,000 kwa miezi miwili ya mvua, mkataba ukarefuka siku kadhaa, hakuna alielalamika. Akikataa yote matatu, mie ningemwambia kijana asubiri aungiwe pesa na familia anunue hata ya mkono wa pili, yenye cheni nzuri na isiyotoa moshi. Na akianza, siku ya kwanza mpe daftari aandike namba ya mita asubuhi na usiku, kabla ya kuandika pesa.