Anza na alfabeti, nukta zisubiri

Mwalimu mmoja wa chuo aliniletea muswada wake kuhusu dagaa wa mwalo wa Kirumba. Jarida lilikuwa limeurudisha kabla haujafika hata kwa wapitiaji, na maelezo mafupi: marejeo hayafuati mtindo wa APA. "Dada, hayo yametoka Zotero yenyewe," akaniambia. "Nadhani ni nukta tu. Zipitie, kesho nitume."

Sikukubaliana naye. Zotero ni programu ya kutunza marejeo, inatoa kile ilicholishwa, na wengi wetu tunailisha kwa kubofya mara moja kwenye ukurasa wa jarida, tukaamini yaliyoingia ni sahihi. Tena kuanza na nukta ni kuanzia mwisho. Mimi huyachapa marejeo kwenye karatasi, kisha napitisha kidole kwenye neno la kwanza la kila rejeo, bila kusoma kingine chochote. Jina lililokaa mahali pasipo pake mara nyingi ni jina lililoingizwa vibaya, na ukilirekebisha linahama. Kama ulishahangaika na nukta zake, utazirudia.

Kwake niligota kwenye herufi O. Kati ya Omari na Otieno alikuwepo mtu anayeitwa `Organization, W. H.` Shirika la Afya Duniani limepewa jina la ukoo! Programu ilichukua neno la mwisho ikalifanya ukoo, mengine ikayakata kuwa herufi za mwanzo. Dawa iko ndani ya Zotero, siyo kwenye Word: pembeni ya sehemu ya mwandishi kuna alama ndogo inayogeuza visanduku viwili vya jina kuwa kimoja. Andika jina zima humo, na rejeo litahamia kwenye W lenyewe.

Hatua chache juu yake, Ng'wigulu alikuwa ametangulia Ngassa na Ngowi. Sisi wa Usukumani tuzoee hili. APA inataka kibainishi, ile alama ya ng', kipuuzwe wakati wa kupanga, kwa hiyo jina linasomwa kama Ngwigulu na linakaa baada ya Ngowi. Programu nyingine hukihesabu kibainishi kama herufi iliyo mbele ya a. Angalia pia kama jina lilelile halijaandikwa mara moja kwa kibainishi kilichonyooka na mara nyingine kwa kilichopinda. Kwa macho hutaona tofauti, ila kompyuta inaona watu wawili.

Kilichokula muda ni 2021a na 2021b. Mwandishi mmoja, mwaka mmoja, makala mbili. Mwalimu alikuwa ametoa herufi kwa kufuata ipi imetajwa kwanza kwenye matini. APA haiendi hivyo: inafuata alfabeti ya vichwa vya makala. Kichwa kimoja kilianza na neno Uvuvi, kingine Bei, kwa hiyo Bei ndiyo a. Kubadilisha kwenye orodha ni sekunde tano, shida ni kwamba herufi hizo zimetajwa pia ndani ya muswada, kwake mara saba, na alishakata uhusiano wa faili na Zotero. Ukibadilisha a zote kuwa b kwa mkupuo, zote saba zinakuwa b, na hujui tena ipi ilikuwa ipi. Nilipitia herufi ya tatu: 2021a ikawa 2021x, 2021b ikawa 2021a, kisha 2021x ikawa 2021b. Kila badiliko nililitazama kabla ya kulikubali, kwani kulikuwa na mwandishi mwingine mwenye 2021a yake halali.

Baada ya hapo ndipo nikaja kwenye alama. Kati ya kurasa APA inataka kistari kirefu kidogo, 112–119, siyo kile kifupi cha kibodi. Kwenye Word washa `Use wildcards`, kisha:

```
Find:    ([0-9])-([0-9])
Replace: \1–\2
```

Ila usithubutu kubonyeza `Replace All`. DOI, yaani kiungo cha kudumu cha makala, mara nyingi huwa na kistari kifupi kati ya tarakimu. Makala za jarida la Lancet, kwa mfano, hubeba `S0140-6736` ndani yake. Ukikirefusha hicho, kiungo kinakufa na kwa macho kinaonekana kizima. Nenda moja baada ya moja, hata kama ni marejeo 41 kama haya.

Nukta alizoziogopa mwalimu zilichukua robo saa. Nyingi zilikuwa mwishoni mwa DOI, ambako APA haitaki nukta yoyote.

Mwisho nilibofya viungo vyote. Kimoja kilifungua makala ya watu wengine kabisa, kuhusu sangara. Hicho sikukigusa. Niliweka alama ya njano nikampigia: "Mwalimu, rejeo la 23 ulisoma makala ipi?" Kimya kidogo, kisha akasema atapita jioni.