Oda ya Mtwapa ya 260 ilinibakishia shilingi 29

Jioni moja nilikuwa nimeegesha pikipiki Nyali, Mombasa, simu ikalia: oda ya kupeleka chakula Mtwapa, shilingi 260. Nikaidaka upesi, maana wenzangu pale walikuwa wakipata za 120. Siku hizi oda kama ile siigusi.

Kilichonifungua macho ni kujua kilomita moja inakula pesa ngapi. Nilijaza tangi pomoni, nikaandika namba ya mita, nikapiga kazi siku mbili, kisha nikajaza tena kwenye pampu ileile. Kwa foleni za Daraja la Nyali, pikipiki yangu ilitoa kilomita 40 kwa lita. Lita ikiwa 180, hiyo ni shilingi 4.50 kwa kilomita. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya ya mafuta kila mwezi, kwa hiyo nami hurudia hesabu. Halafu nikakusanya risiti za fundi za miezi sita, za oili, cheni, tairi na breki, nikazigawanya kwa kilomita nilizotembea: 1.50. Jumla shilingi 6, na hapo sijaweka bima wala pikipiki yenyewe inavyochakaa.

Sasa turudi Mtwapa. Kampuni inayonitumia oda ilikata asilimia 15, ikabaki 221. Kufuata chakula kilomita 2, kukipeleka 15, na kurudi 15 mkono mtupu, kwa kuwa kule sikupata oda. Kilomita 32 mara 6 ni 192. Nilibaki na 29 kwa dakika 80, robo saa nzima nikiwa nimesimama mlangoni mwa mkahawa nikingoja wamalize kupika. Oda ya 120 ya Kongowea, kwenda na kurudi kilomita 6, huniachia 66 kwa dakika 35.

Siku yenyewe nzima ilikuwa hivi. Niliingia saa nne asubuhi, nikatoka saa tatu usiku. Oda 12 zilileta 1,680, na baada ya makato 1,428. Mita ilisoma kilomita 120, yaani shilingi 720. Nilichobeba nyumbani ni 708 kwa saa 11: shilingi 64 kwa saa.

Lakini programu ya kampuni kwenye simu iliniandikia saa 6 za kazi, kwani huhesabu tu tangu unapokubali oda hadi unapoikabidhi. Ukigawa 1,428 kwa 6 unapata 238, na hiyo ndiyo namba niliyokuwa nikimtajia mke wangu, huku akishangaa kodi inatushinda vipi.

Ndiyo maana nasema njia ya kufuata chakula na muda wa kukingoja vilipwe. Nikiwa juani kwenye foleni ya mkahawa na mkoba mgongoni, siwezi kubeba oda ya mtu mwingine. Na oda ya mbali ilipiwe angalau nusu ya njia ya kurudi. Kwa ile ya Mtwapa ingekuwa kilomita saba na nusu, shilingi 45 tu.