Mpenzi mpya ana besti wa kike? Ngoja besti mwenyewe niongee

Jamani hii mada ya "nimempata mtu, tunaelewana, ila ana rafiki wa jinsia nyingine na roho inaniuma" kila siku inaongelewa na wenye wivu, sisi mabesti hatuulizwi kitu. Leo naongea mimi. Nina mshikaji wangu tumesoma wote pale Mlimani, tumekopeshana hela bumu likichelewa, mama yake akija Dar akitokea Moshi mimi ndo naambiwa nimpeleke Kariakoo kununua vitenge. Sijawahi kumtaka na yeye hajawahi kunitaka (najua nusu yenu hamuamini, tuendelee tu).

Sasa nimeshaona mademu zake wawili wakiingia wakanikuta, na wote wawili waliniwekea wivu, ila walivyoucheza ni mbingu na ardhi.

Wa kwanza alianza kwa kuchungulia. Anaangalia jamaa yuko onlaini saa ngapi, anakuja kuangalia na mimi niko onlaini saa ngapi, dakika zikifanana tayari ni kesi. Halafu akaomba simu, akasoma meseji za nyuma kabisa, akakuta nimeandika "umekula?" usiku, basi ikawa vita. Wiki mbili mbele akamwambia achague, anibloku au waachane. Mshikaji akasema sawa nimembloku. Unajua alifanya nini? Akabadilisha jina langu kwenye simu akaniseva Fundi AC. Nilicheka siku alivyoniambia lakini kwa kweli nilimuonea huruma yule dada, kwa sababu kabla ya hapo hakukuwa na kitu cha kufichwa, sasa kikapatikana. Na ilikuja kugundulika, maana Fundi AC gani anatuma voisi Jumapili asubuhi anauliza mama ameamkaje? Hapo hata ungekuwa wewe usingeamini tena chochote, na waliachana wala sikushangaa.

Kuna wanasaikolojia wawili, Pfeiffer na Wong, mwaka 1989 waliandika kuhusu kuupima wivu na wakaugawa mafungu matatu: mawazo, yaani vile unavyowaza kwamba kuna kitu kinaendelea, hisia, yaani lile joto la kifuani, na vitendo, yaani kupekua, kuhoji, kutokea ghafla sehemu. Mimi huu mgawanyo naupenda kwa sababu watu wengi wakiumia wanadhani kuumia kwenyewe ndo tatizo, wakati hisia inakuja yenyewe hujaiita. Kwa nilivyoona mimi mambo yanaharibikia kwenye hilo fungu la tatu. Ukichungulia simu leo ukakosa kitu unapumua kidogo, kesho asubuhi unawaza labda amefuta, unachungulia tena. Haufiki siku ukasema sasa nimetosheka.

Na mwanzoni mwa mahusiano ndo pabaya zaidi. Mna mwezi mmoja, bado hamjapeana cheo, yeye unamjua kwa makadirio tu, halafu kuna mtu anajua alifeli somo gani mwaka wa kwanza na anamtania kwa jina la utani ambalo wewe hulijui. Kinachokuuma mara nyingi hapo ni kwamba mwenzio ana historia na wewe huna, na unaisoma historia kama mapenzi. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Demu wa pili ndo alinifundisha. Mara ya kwanza kuletwa ilikuwa Jumamosi jioni Sinza, tumekaa nje kwenye mishkaki na ndizi za kuchoma, na sisi kama kawaida yetu tukaanza stori za chuo, yule mhadhiri wa saa moja asubuhi, yule mwenzetu aliyelala kwenye mtihani, tunacheka mpaka machozi, na yeye amekaa katikati anageuza geuza chupa ya soda. Hakununa. Hakuaga mapema kwa hasira. Kesho yake ndo akamwambia jamaa (alikuja kunisimulia mwenyewe baadaye, siku hizi tunaitana wifi), akasema: "Jana nilijisikia mgeni. Sina shida na urafiki wenu, ila ukinileta mezani naomba na mimi nihusishwe. Na tukiwa wote usiku, simu yake kama siyo dharura mpigie kesho."

Angalia alichofanya hapo. Alitaja siku, akataja alivyojisikia, akaomba vitu viwili ambavyo mtu anaweza kuvifanya. Hakusema "huyo mwanamke simuelewi", maana ukimsema mtu, mwenzio ataanza kumtetea, na mkishafika kwenye kutetea mjadala umekufa, mnabaki kunijadili mimi badala ya nyie wawili. Jamaa alinipigia akaniambia kistaarabu, nikasema sawa, saa nne nne za usiku nikaacha, na tukikaa wote stori ya chuo ikianza naigeukia kwake nampa kisa chote kuanzia mwanzo. Alikuwa na wivu kama yule wa kwanza, kaniambia mwenyewe kwamba wiki zile alikuwa hata halali vizuri. Sema tu simu ya mtu hakuigusa.

Haya, mtasema je kama besti kweli anamtaka? Wapo. Nitawapa siri ya huku ndani, msiangalie sana wanakaa karibu kiasi gani, wanachekaje, wanaitana nani. Angalia kama urafiki unakupisha. Besti asiye na nia mbaya akisikia jamaa yake kapata mtu, ratiba yake inapungua yenyewe, anauliza "lini unamleta?", na ukikutana naye anakuongelesha wewe. Mwenye nia anataka mambo yabaki vilevile kama haupo, na kila mkipanga kuonana watatu kuna sababu haiwezekani, mvua, foleni, kichwa kinauma.

Kingine, na hiki naona watu wanakipita juu juu, ni ugomvi wenu unaishia wapi. Mmezozana Alhamisi, kabla hamjamaliza besti ameshajua kila kitu na ameshatoa hukumu, na jamaa anarudi na maneno ambayo unasikia kabisa siyo yake. Hapo hata kama hawajawahi kugusana mkono una haki ya kulalamika, tena lalamikia hilo hilo: "tuliyogombana mimi na wewe, naomba tuyamalize kwanza mimi na wewe." Mimi mwenyewe mshikaji akianza kuniletea ya ndani siku hizi namkatisha, namuuliza, umemwambia mwenyewe?

Na swali la "mliwahi kuwa kitu?" uliza. Uliza mapema, uliza mara moja, siku mmetulia, msiwe mmetoka kugombana. Akikwambia ndiyo, tulijaribu mwaka fulani haikwenda, hiyo ni habari ngumu ila ni ya mtu anayekuheshimu, jipe siku kadhaa halafu amua kama unaiweza, na kama huiwezi ondoka mapema, haina aibu, wengine hawawezi kabisa kukaa na eksi mezani na ndivyo walivyo. Akikwambia hapana halafu ukaja kuyasikia kwa watu kwamba walikaa pamoja Mabibo mwaka mzima, mimi kama besti nakwambia usihangaike kunitafuta mimi uniulize. Aliyekudanganya ni yeye, malizana naye.