Insha ya tafakuri haifuati kalenda ya shajara

Insha nyingi za tafakuri, zile ambamo mwandishi anaeleza alichojifunza kutokana na shajara ya kazi au mafunzo yake, huharibika kabla hazijaanza kuandikwa, pale anapofungua ukurasa wa kwanza wa shajara na kuanza kunakili: wiki ya kwanza nilifanya hili, wiki ya pili nikakutana na lile. Anachopata mwishoni ni shajara ileile, safari hii ikiwa na aya ndefu zaidi. Msomaji anajua yaliyotokea, ila hajui mwandishi ameelewa nini.

Wanaokwepa kosa hilo mara nyingi huangukia jingine, ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi kwa sababu linaonekana nadhifu. Wanachagua vichwa vitatu, tuseme Mawasiliano, Changamoto na Usimamizi wa Muda, kisha wanagawa matukio chini yake. Kichwa kama Mawasiliano hakisemi lolote. Hakiwezi kuwa kweli wala uongo, kwa hiyo kila kitu kinaingia ndani yake na hakuna kinachokataliwa. Mada ya kubeba sehemu ya insha inapaswa kuwa sentensi kamili yenye dai.

Tuchukue mwalimu tarajali aliyefundisha hisabati kwa wiki 6 na kuandika shajara mara 18. Anatakiwa kutoa insha moja ya maneno 1,500. Hesabu yenyewe inamwambia jambo: akitaka kutumia maandishi yote 18, kila moja litapata maneno 80 hivi, na hapo hapana nafasi ya kuchambua chochote. Atumie sita au saba, mengine yabaki daftarini.

Atayajuaje ya kubaki? Asome shajara yote mara moja bila kuweka alama, kisha airudie akijaza jedwali la safu nne: tarehe, nilichoona, nilichodhani, nilichofanya. Safu ya tatu ndiyo yenye mali. Tukio likitokea mara mbili si lazima liwe mada. Dhana ileile ikijitokeza chini ya matukio tofauti, hapo pana kitu. Safu hiyo pia ndiyo ngumu kujaza, kwa kuwa watu huandika dhana zao kana kwamba ni mambo waliyoyaona. “Wanafunzi walikuwa wavivu leo” ni dhana. Kilichoonekana ni wanafunzi wanne ambao hawakuandika kitu.

Katika shajara ya mwalimu wetu, tarehe 12 Februari inasema: “Kipindi kimeenda vizuri, hakuna aliyeuliza swali.” Tarehe 19 amesahihisha madaftari na kukuta zaidi ya nusu ya darasa wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hivyo 1/2 + 1/3 ikawa 2/5. Tarehe 26 ameuliza swali, darasa likanyamaza, naye “nikajibu mwenyewe ili tusichelewe.” Tarehe 5 Machi darasa limenyamaza tena, lakini safari hii madaftari karibu yote yako sahihi. Tarehe 14 Machi wanafunzi watatu wameeleza njia zao ubaoni, na kipindi kimekwisha kabla ya zoezi la mwisho.

Dai la haraka hapa ni “nilidhani ukimya ni uelewa.” Lina ushahidi, lakini tarehe 5 Machi inalipinga: siku hiyo walinyamaza na walikuwa wameelewa. Mwandishi mwenye haraka ataiacha tarehe hiyo daftarini. Asiiache. Andiko linalopinga dai ndilo linalolinoa. Sasa dai linakuwa: “Sikuwa na njia ya kujua ukimya wa darasa una maana gani, nikaupa maana iliyonifaa.” Hili ni sahihi zaidi, na linafungua swali la pili: kwa nini maana hiyo ndiyo iliyomfaa? Jibu limo katika maneno ya tarehe 26, “ili tusichelewe.” Mada ya pili imejileta yenyewe: aliupima ufundishaji wake kwa kumaliza alichopanga.

Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Dai lipate angalau tarehe tatu, zisiwe za wiki moja, na moja kati ya hizo ilipinge au ilitie shaka. Lisipofika hapo, ni tukio tu, na linaweza kuingia ndani ya mada nyingine kama mfano. Kwa maneno 1,500, mada mbili zinatosha na tatu ndizo kikomo.

Sasa uandishi wenyewe. Insha ya tafakuri ina “mimi” wawili: aliyeandika shajara siku ile na anayeisoma leo. Wakichanganyika, msomaji hupotea. Aliyeandika zamani anukuliwe kwa maneno yake, mafupi na yenye tarehe, bila kusafishwa. Kumrekebisha ili aonekane alikuwa na busara tangu mwanzo ni kufuta ushahidi wa mabadiliko. Anayesoma leo azungumze kwa wakati uliopo. Aya inaweza kwenda hivi:

“Tarehe 12 Februari niliandika kwamba kipindi kilienda vizuri kwa kuwa ‘hakuna aliyeuliza swali’. Madaftari ya wiki iliyofuata yalionyesha vinginevyo. Hata hivyo, tarehe 5 Machi darasa lilikuwa kimya vilevile na majibu yalikuwa sahihi. Nikiyaweka maandishi haya pamoja, naona kwamba tatizo halikuwa ukimya. Sikuwa nimeuliza chochote ambacho jibu lake lingenionyesha wanafikiri nini.”

Tazama kwamba tarehe tatu zimeingia katika aya moja, na hakuna iliyosimuliwa kwa urefu. Masimulizi yakizidi robo ya sehemu, yapunguzwe.

Nadharia huja baada ya dai. Hapa utafiti wa Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, kuhusu muda wa kusubiri baada ya swali unafaa: alikuta walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba kufikisha sekunde tatu hurefusha majibu ya wanafunzi. Utafiti huo unaifafanua tarehe 26. Ungewekwa kwenye utangulizi, ungekuwa pambo. Mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988, mwongozo wa kutafakari wenye hatua sita kuanzia maelezo hadi mpango wa utekelezaji, nao hutumiwa vibaya sana. Unasaidia kuchimba tukio moja. Ukiurudia kwa kila tukio, insha inakuwa fomu iliyojazwa mara sita.

Mpangilio wa mada ufuate sababu. Mwalimu wetu aanze na ukimya, kwa kuwa ndio unaoonekana, kisha ashuke kwenye shinikizo la kumaliza, lililokuwa chini yake. Tarehe 14 Machi inafaa kufunga mada ya pili kwa sababu haina ushindi kamili: alisikia fikra za wanafunzi, akapoteza zoezi. Hapo aseme atakachofanya kipindi kijacho, kwa mfano kupunguza maswali ya zoezi kutoka manane hadi manne na kuacha dakika 10 za maelezo ya wanafunzi. “Nitaboresha mawasiliano” halitekelezeki wala halipimiki.

Utangulizi uandikwe mwisho, na utaje madai yote mawili waziwazi. Kisha majina ya wanafunzi yaondolewe, pamoja na maelezo yanayoweza kumtambulisha mtoto hata bila jina. Rasimu ikikamilika, soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake. Zikianza na tarehe tatu mfululizo, kalenda imerudi, na aya hizo zinahitaji kuvunjwa na kuunganishwa upya chini ya dai.