Hela ya Machi haipewi jina Desemba

Kila mwaka, hesabu zinapokaribia kufungwa, kuna sentensi moja ninayoisikia kwa wenye kampuni ndogo: "Zile nilizochukua weka gawio tu, yaishe." Anayesema hivyo kwa kawaida si mwizi. Kampuni aliianzisha mwenyewe, ndiye mkurugenzi, hisa nyingi ni zake, na anaona ametoa hela mfuko wa kulia akaziweka wa kushoto. Tatizo ni kwamba mfuko wa kulia si wake. Ni wa kampuni, nayo kisheria ni mtu mwingine.

Mimi huwa namjibu kwamba kazi yangu si kuchagua jina la hela iliyokwisha kutoka. Kazi yangu ni kuandika kilichotokea siku ilipotoka. Siku hiyo kama hapakuwa na mshahara uliopangwa na kukatwa kodi, wala azimio la kuwagawia wanahisa faida, yaani gawio, basi kilichotokea ni kimoja tu: mkurugenzi amekopa. Hata kama hakutamka neno mkopo.

Nichukue mfano wa mteja mmoja, tarakimu nimezinyoosha ili zisomeke. Taarifa yake ya benki ilikuwa na mistari kumi na miwili ya 2,000, mmoja kila mwezi, na kwenye maelezo ameandika "matumizi" au hajaandika kitu. Juu ya hizo, kadi ya kampuni imelipa 6,000 za mambo ya nyumbani kwake. Jumla 30,000. Hizi za kadi wengi huzisahau, maana hawakuzishika mkononi, lakini kwenye vitabu hazina tofauti na taslimu.

Kabla ya kuhukumu, naangalia upande wa pili wa akaunti yake ya mkurugenzi, ile inayoonyesha anachoidai kampuni na kampuni inachomdai. Mwaka wa kwanza aliikopesha kampuni 6,000 zake binafsi na hakuwahi kurudishiwa. Basi 6,000 za kwanza alizochota ni kampuni kulipa deni lake kwake, wala si kipato. Hapo alitabasamu. Zilibaki 24,000 ambazo sasa yeye ndiye anadaiwa.

"Haya, hizo 24,000 ziwe gawio," akasema.

Gawio lina masharti mawili ambayo hayajali mtu anataka nini. La kwanza, linatoka kwenye faida inayogawika, si kwenye salio la benki. Kampuni ilipata faida ya 18,000 kabla ya kodi, ikabaki 14,000 baada ya kodi. Lakini miaka miwili ya mwanzo iliacha malimbikizo ya hasara ya 5,000, na hasara hiyo inazibwa kwanza. Kinachogawika ni 9,000. Benki kulikuwa na zaidi ya hapo, ila sehemu yake ilikuwa malipo ya awali ya wateja kwa kazi ambazo hazijafanyika. Hapo ndipo wengi huponzwa: wanaona hela, wanadhani wanaona faida.

La pili, gawio hufuata hisa. Yeye ana asilimia 75, dada yake ana 25. Hizo 9,000 zikigawiwa, yeye anapata 6,750 na dada 2,250. Huwezi kujigawia peke yako na hisa ni za aina moja. Dada, ambaye hakuwa amechukua hata senti, alikuwa na haki ya fungu lake siku ileile. Mkurugenzi alikaa kimya kidogo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimkumbuka dada yake kama mwanahisa.

Basi tuite mshahara? Mshahara una raha yake: ni gharama ya kampuni, unapunguza faida inayotozwa kodi, na hauhitaji kuwepo faida. Lakini 2,000 alizopokea zilikuwa kamili, hazijakatwa kitu. Tukichukulia makato ni robo, 24,000 mkononi ni mshahara ghafi wa 32,000, na tofauti ya 8,000 ilipaswa kufika mamlaka ya kodi mwezi kwa mwezi. Kuitangaza leo ni kukiri kwamba kampuni haikukata wala kuwasilisha kwa mwaka mzima, pamoja na faini na riba zake.

Njia ya mkato anayoinong'ona kila mtu ni kuchapa muhtasari wa kikao wenye tarehe ya nyuma. Siuandiki. Tuweke uadilifu pembeni: karatasi hiyo haina mashahidi. Kama gawio lilipitishwa Juni, mbona dada hakulipwa Juni? Mbona ritani ya kodi ya zuio ya mwezi huo haina kitu? Mbona malipo yalianza Januari, miezi mitano kabla ya azimio? Mkaguzi hahitaji hata kukagua wino.

Kuna na mchezo wa kurudisha hela siku mbili kabla ya mwaka kufungwa, kisha kuzichota tena wiki ya kwanza ya mwaka mpya. Mizania inatoka safi. Lakini kitu cha kwanza anachoomba mkaguzi makini ni taarifa ya benki ya mwezi unaofuata.

Msimamo wangu ni huu: kulifuta deni ni halali, kusema halikuwepo si halali. Gawio au bonasi vinaweza kupitishwa leo na kuingizwa kwenye akaunti ya mkurugenzi kupunguza anachodaiwa, mradi vibebe tarehe ya leo na kodi ya leo. Kinachobaki kiwe mkopo wa kweli, wenye mkataba, riba na ratiba. Mamlaka za kodi zinaujua mwanya huu. Uingereza, mkopo wa namna hii ukiwa haujalipwa miezi tisa na siku moja baada ya mwaka wa hesabu kuisha, kampuni hutozwa kodi maalumu, inayorudishwa deni likishalipwa. Australia huuhesabu kama gawio, isipokuwa uwe na mkataba wa maandishi, riba isiyopungua kiwango kilichowekwa, na muda usiozidi miaka 7 kama hauna dhamana. Kwingine sheria ni tofauti, na pengine mkopo kwa mkurugenzi unahitaji kwanza idhini ya wanahisa, kwa hiyo soma ya kwenu.

Kampuni ikifilisika ndipo mkopo unapouma kuliko vyote. Mfilisi hurithi orodha ya wadaiwa, na jina la mkurugenzi limo humo kama mteja yeyote. Nalo gawio lililotolewa bila faida huweza kudaiwa lirudi.

Mteja wangu tulimalizana hivi. Hesabu zilipoidhinishwa, wanahisa walipitisha gawio la 9,000. Dada alilipwa zake, na 6,750 zilipunguza deni la kaka hadi 17,250 (kama kwenu gawio hukatwa kodi ya zuio, kinachopunguza deni ni kile kinachobaki baada ya makato). Bonasi ya kufuta zote ilishindikana, kwani ingehitaji 23,000 ghafi kutoka kampuni iliyopata faida ya 18,000. Tukampangia mshahara wa 2,400, unaobaki 1,800 baada ya makato, na kati ya hizo 800 hurudi kwenye kampuni kila mwezi, riba ikihesabiwa pembeni. Ni miezi 22. Aliyezoea 2,000 sasa anaishi na 1,000, na kadi ya kampuni ameniachia mwenyewe mezani.