Kipeperushi cha kambini hakimgeuzi mtu kuwa mganga wa akili

"Mtu aliyefunzwa siku moja atamsaidia nini mama aliyezika wanawe? Waleteni wanasaikolojia."

Ndivyo husema wakosoaji wakisikia kwamba wanaojitolea kambini baada ya janga hufunzwa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa siku moja na kupewa kipeperushi cha kuwaongoza. Hofu hiyo ina msingi. Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, Desemba 3, 2023, waliookoka walihifadhiwa shuleni, na mahali kama pale kila aliyevaa kizibao anaweza kumfikia aliyefiwa. Wapo wanaojitolea wanaoamini kwamba kumsaidia mtu ni kumsimulisha yote mpaka alie. Hao wanatisha kweli. Ila kipeperushi cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia ndicho kinachowakataza kufanya hivyo, na katazo hilo watu wengi hawalioni.

Limetokana na yaliyoonekana. Miaka ya nyuma ilikuwa desturi kumkalisha manusura siku chache tu baada ya janga, kikao kimoja, aeleze alichokiona na alivyojisikia. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio kwa watu wazima 133 waliolazwa kwa majeraha ya moto, waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kikao hicho, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa walikuwa na ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe. Miongoni mwa walioachwa bila kikao, ni asilimia 9. Naziamini namba hizi kwa tahadhari, kwa sababu kundi la kwanza lilikuwa na majeraha mabaya zaidi tangu mwanzo na watu wenyewe hawakuwa wengi. Hata tukiupunguza uzito wake namna hiyo, bado hatuoni dalili kwamba kikao kiliwakinga. Mapitio ya tafiti nyingine za aina hiyo nayo hayakukuta kinga. Aliyeumizwa upya kidonda hakijaanza kufunga amelipa gharama ambayo hakuomba.

Ndiyo maana mwongozo wa huduma hii uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tuchukue mfano wa mama aliyeketi kwenye kona ya darasa na mtoto mgongoni. Mumewe hajaonekana, na tangu jana hajala.

Anayejitolea hutazama kwanza kama mahali ni salama, na kama mama ana jeraha au nguo zilizolowa. Kisha anachuchumaa awe usawa wake, anataja jina lake na chama chake, halafu anauliza: "Mama, kwa sasa unahitaji nini?" Haulizi maji yaliingiaje. Mama akianza kusimulia mwenyewe, anasikilizwa bila kukatizwa; akinyamaza, anakaliwa karibu. Hamwambii "mshukuru Mungu umebaki wewe", wala hamwahidi kwamba mumewe atapatikana. Mama anapotaja kwamba dawa zake za kifafa zimesombwa na maji, hiyo ndiyo habari kubwa ya mazungumzo yote, kwa sababu kukatika ghafla kwa dawa hizo kunaweza kuleta degedege usiku huohuo. Basi anampeleka kwa mhudumu wa afya, kisha kwenye meza ya Msalaba Mwekundu wanakoandikisha ndugu waliopotezana, na anahakikisha amepata uji na blanketi.

Katika yote hayo hakuna tiba. Tiba huja na uchunguzi, na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe kwa kawaida hautajwi kabla dalili hazijapita mwezi mmoja. Mtaalamu anaweza kumrudisha mgonjwa kwenye kumbukumbu ileile, lakini hufanya hivyo kwa vikao vingi, kwa mpango, na mgonjwa akiwa na mahali pa kulala. Kutetemeka, kukosa usingizi na kulia siku ya tatu si ugonjwa, na wengi hutulia wakipata usalama na watu wao.

Mkosoaji ana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa: ushahidi kwamba huduma hii yenyewe inazuia ugonjwa baadaye ni mdogo. Tunajua zaidi madhara inayoyaepuka kuliko faida inayoileta. Tena neno "unganisha" huwa tupu pale ambapo hakuna wa kuunganishwa naye. Anayesema anataka kujiua, asiyejua alipo, au mama aliyeshindwa kabisa kumhudumia mtoto hapaswi kuachwa na kijana wa kujitolea peke yake. Anakaliwa karibu mpaka mtaalamu afike.

Kwa hiyo nikipewa kipeperushi cha aina hii, huanzia chini kabisa, penye nafasi ya kuandika jina na simu ya afisa ustawi wa jamii, ya kituo cha afya na ya zamu ya usiku. Kama nafasi hizo hazijajazwa kwa kambi husika, kisigawiwe bado. Mtu apige simu hizo kwanza, asikie zikipokelewa.