Benki inayosaini ikiwa imefumba macho

"Kama benki haioni inachotia saini, si itaibiwa mchana kweupe?"

Hilo ndilo swali la kwanza mtu akielezwa saini pofu: benki inatia saini noti ya kidijitali, yaani faili yenye namba, bila kuiona namba hiyo, ili baadaye isijue nani aliitumia. Haiibiwi, kwa sababu haihitaji kuiona namba ya noti ili kujua thamani yake. Inakuwa na ufunguo mmoja wa kusainia noti za 1,000 na mwingine wa noti za 5,000. Ikisaini kwa ule wa 1,000, chochote kilichomo ndani kina thamani ya 1,000 tu, nayo imeshakata 1,000 kwenye akaunti yako. David Chaum, aliyeileta mbinu hii mwaka 1982, aliifananisha na bahasha yenye karatasi ya kaboni ndani: ofisa anasaini juu ya bahasha, alama inapita hadi kwenye karatasi asiyoiona, na mwenye bahasha anaifungulia nyumbani.

Tuifanye kwa namba ndogo. Benki imetangaza namba mbili, 33 na 3, na imeficha ya tatu, 7, ambayo ndiyo ufunguo wake wa kusaini. Kila hesabu ikizidi 33, tunagawa kwa 33 na kuchukua baki. Noti yangu ina namba 5. Nachagua namba ya kufunikia, 2, nisiyomwambia mtu. Naipandisha kipeo cha 3, napata 8, nazidisha na 5: 40, baki 7. Hiyo 7 ndiyo naipeleka benki. Benki inaipandisha kipeo cha 7 chake cha siri, baki ni 28, inanirudishia. Nagawa kwa ile 2 yangu, napata 14, na hiyo ndiyo saini ya noti namba 5. Muuza duka anahakiki mwenyewe: 14 kipeo cha 3 ni 2,744, baki 5. Noti ni halali.

Sasa benki iliiona 7 na ikatoa 28. Inapoletewa 5 na 14, haina pa kuziunganisha. Tuseme siku hiyohiyo mteja mwingine alileta 31: noti yangu ingeweza kutoka kwake pia, kama angefunika kwa 5. Kompyuta hata iwe na nguvu kiasi gani haisaidii hapo, maana kila mteja aliyefika ana namba ya kufunikia inayolingana na noti yangu. (Katika kazi halisi namba zina tarakimu mamia, na namba ya noti husagwa kwanza kwa fomula maalumu, vinginevyo mtu angezidisha saini mbili akajitengenezea ya tatu.)

Wizi unaobaki ni wa kunakili: faili moja kulipa mara mbili. Benki huweka orodha ya namba zilizokwisha kutumika, na 5 ikija tena inakataliwa. Kwa hiyo muuzaji lazima aulize benki kabla ya kukabidhi bidhaa. Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi ecash, fedha ya kidijitali ya kampuni ya Chaum, DigiCash, ambayo benki ya Mark Twain ya Missouri, Marekani, ilianza kuitoa mwaka 1995. Kampuni ilifilisika mwaka 1998.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Mwaka 1992 watafiti von Solms na Naccache walieleza mtekaji nyara anayetuma namba zilizofunikwa na kuamuru benki izisaini, kisha izichapishe gazetini. Anasoma gazeti, anafunua, anatumia. Hakuna begi la fedha, hakuna mahali pa kumvizia, na benki haitazitambua noti hizo zikirudi. Hilo silioni kama jambo dogo. Lakini usiri huu humfunika mlipaji tu: muuzaji akipeleka noti benki, mapato yake yanaonekana, na GNU Taler, mfumo wa leo wa malipo ya kidijitali, umejengwa juu ya mpaka huohuo. Nikilinganisha na malipo ya simu, ambako kila nilichonunua kinabaki kwenye kumbukumbu za kampuni, nachagua fedha hii, hatari zake nikiziona.

Saini hizi zimependekezwa kwa uchaguzi pia, na kwenye kura nasita. Mwaka 1992 watafiti Fujioka, Okamoto na Ohta walipendekeza msimamizi wa uchaguzi ahakiki jina lako kwenye daftari, asaini kura iliyofunikwa mara moja tu, kisha wewe uifunue na kuituma kwa njia isiyokutaja. Tofauti ni nani anaumia. Benki ikisaini noti za ziada, inajibebesha deni lake yenyewe. Msimamizi akisaini kura za ziada, deni ni la wengine. Ulinzi uliopo ni kulinganisha idadi: waliosainiwa 800, kura 803, kuna jambo. Ila kama watatu walichukua saini wakalala nyumbani, msimamizi anaweza kupiga kura tatu mahali pao, na hesabu itatoka 800 kwa 800. Mtu wa kugundua ni mmoja wa hao watatu, ambaye hana kura anayoweza kuitafuta kwenye orodha.